Barua kwa fundi aliyeliokoa gauni la lesi

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Baba Saidi, shikamoo.

Natumai Mama Saidi na watoto hawajambo. Sisi huku wazima, uchovu tu. Masufuria ya shughuli bado yanasuguliwa uani, na wageni wa Pangani wameondoka asubuhi hii. Ningekuja mwenyewe Ngamiani, lakini miguu imevimba kwa kusimama siku tatu, ndiyo maana namtuma Rehema na barua.

Ijumaa mpwa wako aliponiletea gauni kwa baiskeli, saa moja asubuhi, nilikuwa nagombana na wapishi juu ya mchele. Nikampokea kama nampokea muuza maziwa. Hata asante sikuitamka ikaeleweka, na jambo hilo limenikaa rohoni tangu siku ile.

Unakumbuka nilivyokuja kwako Jumatano baada ya Magharibi, vipande vya lesi nimevisokomeza kwenye mfuko wa rambo. Fundi wa kwanza alikaa na kitambaa wiki nne, kila nikienda ni "njoo kesho mama", mwisho ananirudishia kifua kimekatwa kwa vipimo vya binti yangu, si vyangu. Jina lake silitaji. Wewe ukavitandaza mezani, ukapima kwa futi, ukapima tena, ukanyamaza. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko cherehani. Kisha ukauliza, "Nikaha saa ngapi?" Basi. Hukunisomea hotuba ya wanawake wanaoleta nguo shughuli ikiwa mlangoni, ingawa najua ulimi ulikuwasha.

Ya Alhamisi usiku nimeyasikia. Mpwa wako kayasema yote, usimgombeze. Umeme ulikatika, ukaiacha cherehani ya mota ukahamia ile ya miguu, Mama Saidi akakushikia tochi ya simu mpaka mkono ukafa ganzi. Pasi nayo ikawa ya mkaa, kanga imetandikwa juu ya lesi isiungue. Cheche moja ingedondoka pale, mimi mama wa bibi harusi ningetoka mbele za watu na dira la kupikia.

Lakini hasa nakushukuru kwa kwapa. Kitambaa kilipungua, tulijua sote wawili. Nilidhani utalibana hivyo hivyo, nivute pumzi hadi shughuli iishe. Kumbe ulichukua masalio ya pindo, ukatia vipande viwili vyembamba kutoka kwapani kushuka kiunoni, ukayalinganisha maua, ua likakutana na ua. Mshono wenyewe sikuuona mpaka jana nilipoligeuza gauni ndani nje. Na humo ndani nikakuta umeacha akiba ya inchi moja kila upande. Umejuaje kwamba biriani ya siku tatu itanikuta?

Nilipomfukizia mwanangu udi, nikainua mikono yote miwili kumweka sawa ushungi, nilijua sasa itasikika "chraa". Haikusikika. Nikamkumbatia, nikalia nilivyotaka, bila kuiogopa nguo.

Mawifi wa Pangani, na unawajua wale, jicho lao linapima kuliko futi yako, walinizunguka wakaangalia bitana, wakaangalia zipu. Mmoja akanishika ubavuni akauliza huu mtindo wa vipande pembeni ni wa wapi, Mombasa? Nikamwambia ni wa Barabara ya 12. Sikumweleza kwamba mtindo umezaliwa na uhaba wa kitambaa. Hiyo ibaki kwetu, maana naona wawili wameshachukua namba yako na wanautaka vile vile.

Kasoro moja tu, nayo ni yangu: kifungo cha juu mgongoni kiliruka taarabu ilipokolea. Rehema anacho, kimefungwa kwenye kikaratasi. Hakina haraka, na gauni nitakuletea baada ya kulifua.

Katika bahasha kuna elfu ishirini yangu iliyobaki, na elfu kumi na tano juu yake. Juzi uliikataa ya haraka ukisema shughuli ni ya wote. Hii si ya haraka. Mpe Mama Saidi ya ule mkono wa tochi, na ukimrudishia Rehema nitakuja nayo mwenyewe, miguu ivimbe isivimbe. Mpwa wako nimemtilia kashata kwenye kimfuko chake, wadogo zake wasimnyang'anye.

Kitambaa cha Idi nitakileta mapema. Najua unacheka, lakini nitakileta.

Kwenye kapu kuna biriani na halua. Sahani yenye maua mekundu ni ya marehemu mama, naomba Rehema arudi nayo leo leo, hata ikiwa tupu.

Wako,
Mama Rehema