Muhtasari wa Mahubiri ya Jumapili: Jua Lisichwe Juu ya Ujira wa Mtu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Haya ni kwa ndugu waliokuwa zamu mahotelini na wale waliokwenda matangani Marafa. Vichekesho nimeviacha, hoja nimejaribu kuileta jinsi mchungaji alivyoijenga.

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:10–15, Mathayo 20:1–16, Yakobo 5:4.

Mchungaji alituambia tusome somo la kwanza tukitafuta jua. Limo mara mbili. Katika aya ya 13 linahusu vazi la maskini lililowekwa rehani: jua likichwa arudishiwe, apate la kulalia. Katika aya ya 15 linahusu ujira wa kibarua: alipwe siku iyo hiyo, kabla jua halijachwa. Basi ukimdai maskini, mwisho wa kumkalia ni magharibi. Akikudai yeye, mwisho wa kumlipa ni magharibi hiyohiyo. Mimi aya hizi nimezisoma miaka mingi na sikuwahi kuziweka pamoja.

Hoja yenyewe ni hii. Wengi wetu tunadhani dhuluma ni kupunguza pesa. Torati inahesabu na wakati. Ukipatana na mtu shilingi 800 akupasulie mawe, ukamlipa zote baada ya wiki mbili, bado umemdhulumu. Hizo wiki mbili hakuzingoja akiwa ameshiba. Alichukua unga dukani kwa deni, akaomba nauli ya kurudi Kakuyuni, na mwenye duka sasa hampi kitu. Aya inataja sababu waziwazi: ni maskini, na moyo wake umeutegemea ujira huo. Ukiuchelewesha, umejikopesha pesa zake bila kumwomba. "Mpasua mawe wa Muyeye anamkopesha mwenye ghorofa," alisema, na hapo hata vijana wa nyuma waliacha simu.

Aya ya 14 inaongeza kwamba sheria hii ni ya ndugu yako na ya mgeni pia. Mchungaji hakuzunguka: msichana wa kazi aliyetoka mbali, asiye na shangazi wa kumlalamikia hapa Malindi, ndiye anayeambiwa "ngoja mwisho wa mwezi ujao" mara nyingi zaidi.

Kuhusu Mathayo 20, sisi hukumbuka manung'uniko ya walioanza alfajiri na kusahau kwamba ilipofika jioni bwana shamba aliagiza watu waitwe walipwe. Hata yule wa saa moja tu alipewa dinari nzima, ujira wa kutwa. Kwa nini? Nyumbani kwake wanakula chakula cha siku nzima, si cha saa moja. (Sehemu hii ilikuwa fupi. Natamani angekaa hapo zaidi.)

Kisha akachukua visingizio viwili.

"Mimi mwenyewe sijalipwa." Hili alilijibu kwa upole, maana anajua kuanzia Aprili mvua zikishika mahoteli mengine hufunga na wengi wetu hukauka. Lakini ukweli huo mwambie mtu asubuhi, kabla hajashika jembe, ili achague mwenyewe. Ukimwambia jioni umeshamchagulia. Na kama unazo nusu, toa nusu leo.

"Sikuwa na pesa mkononi." Kwa simu hizi za M-Pesa, alisema, jua halijapata kuwa rahisi kuliwahi namna hii.

Tena si Biblia peke yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 18, inasema ujira wa kibarua wa kutwa unastahili kulipwa mwisho wa siku. Aliuliza, serikali ikidai hivyo, mtu anayeshiriki Meza ya Bwana adaiwe pungufu ya hapo?

Alimalizia kwa Yakobo: ujira uliozuiliwa wenyewe hupiga kelele. Mfanyakazi anaweza kunyamaza kwa kuogopa kukosa kazi kesho, na kelele bado ikamfikia Bwana wa majeshi. Kwa hiyo ukimya wake usikutulize.

Halafu akatugeukia sisi wa kamati. Mafundi walioezeka upya paa la darasa la watoto bado wanalidai kanisa. Ameagiza walipwe kabla ya jioni ya Jumanne, kutoka mfuko wa spika za kwaya. Kwaya haikupiga makofi, lakini haikupinga.

Jumatano ibada za nyumbani zitasoma Kumbukumbu 24:10–15. Kila mmoja aje amejibu moyoni: ni nani ananidai ujira leo, na tulipatana nimlipe lini? Majina hayatatajwa kikaoni. Aliyekwama kweli amwone mzee wa mtaa wake kabla ya siku hiyo, wapange pamoja.