Mlinganyo wa volteji ya transfoma na namna ya kupata idadi ya raundi

Transfoma tunayoikokotoa hapa itapokea volti 230 kwa frikwensi ya hezi 50 na kutoa volti 12. Kiini chake kimepangwa kwa mabati membamba ya chuma cha silikoni yenye umbo la E na I. Ulimi wa katikati una upana wa milimita 32, na rundo la mabati lina unene wa milimita 40. Swali ni moja: koili ya msingi izungushwe raundi ngapi, na ya upili ngapi? Mafundi wengi hulijibu kwa kugawanya namba 45 kwa eneo la kiini. Namba hiyo si ya kubuni, lakini asiyejua ilikotoka hawezi kujua ni wakati gani inamdanganya, kwa hiyo tuanze na chanzo chake.

Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba flaksi ya sumaku inayopita ndani ya koili ikibadilika, volteji huzaliwa katika koili hiyo, na ukubwa wake hufuata kasi ya badiliko. Kila raundi huzalisha volteji yake, na kwa kuwa raundi zote zimeungana mfululizo, volteji hizo hujumlishwa. Kwa koili yenye raundi N:

```
e = N · dΦ/dt
```

Alama ya kutoa ambayo huwekwa mbele ya N hueleza tu kwamba volteji hiyo hupinga badiliko lililoizaa. Sisi tunatafuta ukubwa, hivyo tunaiacha. Volteji ya umeme wa gridi hupanda na kushuka kwa umbo la sine, na flaksi nayo hulazimika kufuata umbo hilo hilo, ila huchelewa kwa robo ya kipindi. Tukiita kilele cha flaksi Φm, basi:

```
Φ = Φm · sin(2πft)
dΦ/dt = 2πf · Φm · cos(2πft)
```

Kosini haizidi 1, kwa hiyo kilele cha volteji ni 2πfNΦm. Voltimita haisomi kilele bali thamani fanisi, ambayo kwa wimbi la sine ni kilele kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Ukigawanya 2π kwa 1.4142 unapata 4.44, na hapo ndipo namba hiyo maarufu inapotokea:

```
E = 4.44 · f · N · Φm = 4.44 · f · N · Bm · A
```

Bm ni kilele cha msongamano wa flaksi kwa tesla, na A ni eneo la chuma kwa mita za mraba. Ipo njia nyingine ya kufika hapo bila hesabu ya tofautisho, nayo naipenda zaidi kwa kufundishia. Flaksi hupanda kutoka sifuri hadi kilele kwa robo ya kipindi, yaani sekunde 1/(4f), kwa hiyo wastani wa volteji kwa raundi moja ni 4fΦm. Wimbi la sine lina thamani fanisi iliyo mara 1.11 ya wastani wake, na 4 mara 1.11 ni 4.44. Faida ya njia hii huonekana pale transfoma inapolishwa na inveta ya wimbi la mraba: thamani fanisi ya wimbi hilo ni sawa na wastani wake, hivyo kizidisho hubaki 4 tupu, na anayetumia 4.44 hapo atazungusha raundi pungufu.

Sasa turudi kwenye kiini chetu. Milimita 32 mara 40 ni milimita za mraba 1280, yaani sentimita za mraba 12.8, lakini hilo ni eneo la rula. Kila bati limepakwa tabaka jembamba la kuzuia umeme, na baina ya bati na bati hubaki nafasi, kwa hiyo tunachukua asilimia 95 kuwa chuma halisi:

```
A = 0.95 × 12.8 = 12.16 cm² = 0.001216 m²
```

Msongamano wa flaksi ni uamuzi wa mbunifu, kwa kuwa mlinganyo wenyewe haumpangii. Ukichagua mdogo, raundi huongezeka na shaba huweza kukosa nafasi dirishani. Ukichagua mkubwa, chuma hukaribia kushiba, mkondo wa kusumakisha huruka, na transfoma huvuma na kupata joto hata ikiwa haina mzigo. Kwa mabati ya kawaida ya silikoni nachagua tesla 1.2, kwa sababu volteji ya gridi ikipanda kwa asilimia 10, msongamano utafika 1.32 na bado chuma kitakuwa na nafasi ya kupumua.

```
E/N = 4.44 × 50 × 1.2 × 0.001216 = 0.324 V
N1 = 230 / 0.324 = 710
N2 = 12 / 0.324 = 37
```

Raundi 37 zingetoa volti 12 bila mzigo tu, kwa maana mzigo ukiwekwa, sehemu ya volteji hupotea katika ukinzani wa waya. Tukiongeza asilimia 5 tunapata raundi 39, na volteji isiyo na mzigo itakuwa kama 12.6.

Ile namba 45 nayo inajieleza. Eneo likiandikwa kwa sentimita za mraba, mita zinaleta kizidisho cha 10000, na 10000 kugawanywa kwa 4.44 × 50 ni 45. Kwa hiyo 45/A ni raundi kwa volti kwa hezi 50 na tesla 1 kamili. Kwa tesla 1.2 namba hiyo ni 37.5, na 37.5 kugawanywa kwa 12.16 ni 3.08 kwa kila volti, jibu lile lile isipokuwa tofauti ya kukadiria. Aliyesahau kupunguza asilimia 5 ya nafasi za mabati angepata raundi 675 za msingi, na chuma chake kingefanya kazi kwa tesla 1.26 huku yeye akidhani ni 1.2. Kosa hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kuchukua transfoma iliyokokotolewa kwa hezi 60 na tesla 1.2, kisha kuiunga kwenye hezi 50 kwa volteji ile ile: msongamano hupanda hadi 1.44.

Koili zikishakamilika, zungusha raundi 10 za waya wa muda juu yake, washa msingi kwa volti 230, na upime. Ukisoma volti 3.24, koili ya msingi ina raundi 710 kama ulivyokusudia. Angalia hata hivyo kwamba kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu eneo la kiini: hata rundo lingekuwa na mabati nusu, raundi 10 zingetoa karibu volti zile zile, kwa sababu uwiano wa raundi haujabadilika, na flaksi ile ile ingejibana katika chuma kidogo. Kiini kilichozidiwa hujitambulisha kwa mkondo wa msingi wakati upili uko wazi, kwa hiyo pima mkondo huo kabla ya kupaka vanishi, wakati koili bado inaweza kufunguliwa.