Heri ya Mwaka Mpya, ghorofa ya tatu

Dada jirani, pamoja na mwenzako na watoto,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ngazi.

Kabla ya heri, shukrani. Jumatano ile ya upepo mlianua nguo zetu pamoja na zenu, mkazikunja, mkazitia kwenye mfuko na kuuning'iniza kwenye kitasa chetu. Mimi nilikuwa kazini, na njia nzima nilirudi nikiwaza shuka zangu zimeshafika barabarani. Hamkugonga, hamkusubiri hata asante. Basi asante yenyewe ndiyo hii, imechelewa wiki mbili.

Hii ni kadi ya pili. Ya kwanza niliichana. Nilikuwa nimeandika "karibuni sana nchini kwetu, jisikieni nyumbani", halafu nikaisoma kwa sauti, Baba Pacha akacheka akaniuliza ni lini nilikabidhiwa funguo za nchi. Kweli, nyumbani kwenu ni hapo juu, mnalipa kodi kama sisi, na maji yakikatika yanakatika kwa wote. Wala sitawasifia Kiswahili chenu. Mapacha wangu wameshapanda na kushuka ngazi na wanenu mpaka wameleta humu ndani maneno mawili matatu nisiyoyajua, na sasa mimi ndiye ninayefasiriwa.

Kwa hiyo nasema tu: heri ya Mwaka Mpya. Afya, kazi zenye malipo ya kueleweka, na usingizi wa kutosha, ambao najua kwa mwenye mtoto mchanga ndio dua kubwa kuliko zote. Na kama mwaka wenu huanza siku nyingine, kwa maana wapo wanaouanza Machi, wapo wa Septemba, na ule wa Kiislamu kila mwaka huwahi kwa siku kama 11 katika kalenda hii ya kawaida, tuambieni tarehe. Siku hiyo sisi ndio tutakaopanda ngazi kuja kuwagongea.

Tarehe 31 usiku, kuanzia saa tatu, tunakaa uani. Si sherehe ya kadi za mwaliko. Ni watu wa jengo hili, redio ya mzee wa ghorofa ya chini, na mabishano yaleyale ya kila mwaka kuhusu saa ya nani ni sahihi ikikaribia saa sita. Mkija tutafurahi. Mkija nusu saa mkapanda kulala, sawa. Msipokuja, hakuna atakayehesabu. Chakula kipo, ila kama kuna kitu hamli, niambie mapema nisije nikakiweka katika kila sufuria. Kitu kimoja naomba mlete: viti. Uani tuko watu 14 na viti ni 9, na mwaka jana Baba Pacha aliuanza mwaka akiwa amekaa juu ya ndoo.

Jambo ambalo huwa tunamwambia kila anayehamia hapa: saa sita kamili watu wa mtaa hulipua fataki, na zinalia karibu sana, kama ziko dirishani. Hudumu kama robo saa. Dirisha la upande wa nyuma likifungwa kelele hupungua, na chumba cha upande huo ndicho bora cha kumlazia mtoto usiku huo. Sisi wenyewe tulijifunza kwa kilio cha watoto wawili kwa mpigo.

Halafu nina ombi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyie mna wiki ya saba, na jembe sina, lakini siku mnahamia nilimwona mwenzako akipandisha ngazi ndefu ya chuma. Taa yetu ya jikoni imeungua tangu mwezi uliopita, dari liko juu, na meza tuliyoiamini imeanza kutikisika. Tunaweza kuiazima Jumamosi asubuhi? Nasi tuna mashine ya kutobolea ukuta, ipo mlangoni, mkiihitaji ni kuja kuichukua tu, hata bila sababu nzuri.

Geti la chini, mkiwa na mizigo, linyanyueni kidogo kwanza ndipo msukume. Tumelalamika, halijatengenezwa.

Wenu,
Mama Pacha, Baba Pacha na wale wawili mnaowasikia

Nyongeza: Mpira wa bluu uko kwetu. Mapacha wanaapa kwamba walipewa. Muulize mwanao, na akikana, utumeni ujumbe wake. Mpira utapanda juu usiku huohuo.