Andiko la Maombi: Ununuzi wa Mashine ya Pili ya Altrasaundi

Kwenda: Mganga Mfawidhi na Wajumbe wa Kamati ya Uongozi
Kutoka: Msimamizi, Kitengo cha Radiolojia
Mahali na tarehe: Moshi, 14 Oktoba 2025

YAH: SHILINGI MILIONI 88 KATIKA BAJETI YA 2026

Naomba kamati iidhinishe ununuzi wa mashine ya pili ya altrasaundi pamoja na ajira ya sonografa mmoja. Viwili hivi viende pamoja. Mashine bila mtu wa kuiendesha itakuwa pambo, na pambo la milioni 88 hatuliwezi.

Hali ilivyo

Mashine tuliyonayo ilinunuliwa 2015. Daftari letu la Julai hadi Septemba linaonyesha kwamba kwa siku tunapokea wastani wa fomu 35 za kipimo, nasi tunapima watu 24. Asiye wa dharura hupangiwa siku sita mbele. Waliobaki hawarudi: wanapima mjini kwenye vituo binafsi, au wanakwenda nyumbani bila kipimo. Mama aliyetoka Rombo kwa basi la alfajiri ukimwambia "njoo Jumanne", umemwongezea nauli mbili na siku ya kazi.

Mwaka jana mashine ilisimama siku 23, nyingi zikiwa za kungoja kishikio cha kupimia tumbo kiagizwe. Siku hizo tulituma gari la wagonjwa mara 61 kupeleka watu kupimwa kwingine, wakiwemo wajawazito waliokuwa wakitokwa damu. Mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi anaweza kuvujia damu tumboni huku kwa nje haonyeshi mengi, na sisi tunahangaika kutafuta dereva.

Gharama

Mashine mpya ya daraja la kati yenye vishikio vitatu (tumbo, mishipa na viungo vya juujuu, na cha ukeni): 78,000,000
Yupiesi na kidhibiti umeme: 3,500,000
Kitanda, printa, kiyoyozi na ukarabati wa chumba: 4,500,000
Mafunzo: 2,000,000
Jumla: 88,000,000

Chumba kipo: kile cha mafaili ya zamani jirani na wodi ya wazazi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi, hivyo hatuhitaji kuta za risasi kama za eksirei. Kidhibiti umeme naomba kisikatwe kwenye bajeti. Umeme wetu mnaujua.

Uendeshaji kwa mwaka ni milioni 26: mshahara wa sonografa 14.4, mkataba wa matengenezo 6.5, jeli na karatasi 4.2, umeme 0.9. Miaka miwili ya kwanza ina dhamana, lakini mkataba nimeuhesabu tangu mwanzo ili nisijipendelee.

Mapato na akiba

Nimekadiria vipimo 10 zaidi kwa siku, siku 300 kwa mwaka, wastani wa shilingi 18,000 kila kimoja. Nimetoa asilimia 15 kwa misamaha na madai ya bima yanayokataliwa. Inabaki milioni 45.9. Safari za gari tutakazoepuka ni milioni 2.7. Mapato tuliyopoteza siku zile 23 ni kama milioni 8.4, nimehesabu nusu tu, 4.2, kwa kuwa mashine moja haitabeba kazi ya mbili. Jumla ni milioni 52.8. Tukitoa uendeshaji, tunabaki na milioni 26.8, na fedha inarudi baada ya miaka mitatu na miezi mitatu hivi.

Hata hivyo, nyongeza ikiwa vipimo 6 tu kwa siku, itachukua zaidi ya miaka 10, yaani mashine itachoka kabla haijajilipa. Ndiyo maana nasisitiza sonografa aajiriwe kabla mashine haijafika.

Njia nyingine tulizozitazama

Mashine iliyotumika inapatikana kwa milioni 35, bila dhamana. Kishikio kimoja tulichobadilisha mwaka jana kilitugharimu milioni 9, kwa hiyo unafuu huo unaweza kuyeyuka haraka. Zamu ya jioni tuliijaribu Machi hadi Mei, siku mbili kwa wiki. Foleni ilipungua kidogo, lakini mashine ikiharibika jioni na asubuhi zote zimekwisha.

Faida kwa wagonjwa

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24, ili umri wa mimba ujulikane vizuri na mapacha au kasoro vionekane mapema. Kwa foleni ya sasa, anayeanza kliniki amechelewa tunamchelewesha zaidi. Tukipata mashine hii, lengo ni asiye wa dharura apimwe ndani ya siku mbili, na wa dharura, akiwemo majeruhi wa bodaboda anayehofiwa kuvuja damu tumboni, ndani ya dakika 30. Siwezi kuahidi idadi ya maisha yatakayookolewa. Muda wa kusubiri nitaupima na kuuleta kwenye kikao kila robo mwaka.

Uamuzi ukipatikana kabla ya Novemba kuisha, zabuni itatangazwa Januari na tangazo la ajira litoke mwezi huohuo.