Magunia 41

Kumbukumbu za kikao cha uchunguzi kuhusu kupotea kwa nafaka ya akiba katika ghala la kijiji. Daftari linaonyesha magunia 60 yalipokewa baada ya mavuno. Asubuhi ya Ijumaa, kufuli likiwa limevunjwa, yalikutwa magunia 19. Anayeongoza ni Mwenyekiti wa kijiji. Wajumbe ni Mwalimu mstaafu na Bi Hadija. Anayeandika ni karani wa kijiji.

SHAHIDI WA KWANZA: Mzee Shabani, mlinzi wa ghala

Mwenyekiti: Tueleze yaliyotokea usiku wa kuamkia Ijumaa.

Shabani: Mvua ilikuwa kubwa, ndugu Mwenyekiti, ile ambayo mtu hajisikii hata akikohoa. Nikajibanza upenuni. Kama saa nane hivi likaja lori, taa zimezimwa. Wakashuka wanaume sita, nyuso wamezifunga vitambaa. Wakanifunga kamba, wakapakia, wakaondoka.

Mwalimu: Walikufunga wapi?

Shabani: Mikononi.

Mwalimu: Nauliza mahali, mzee mwenzangu.

Shabani: Ah. Kwenye nguzo.

Mwalimu: Na nani alikufungua?

Shabani: Nilijifungua mwenyewe. Mungu ni mwema.

(Shahidi ameonyesha mikono. Karani hakuona alama za kamba, ila mwanga wa ukumbini ni hafifu.)

Mwalimu: Kabla ya usiku huo ghala lilikuwa na kiasi gani?

Shabani: Limejaa! Mpaka darini.

SHAHIDI WA PILI: Mama Tatu, jirani wa ghala

Mwenyekiti: Mama, ulilisikia lori saa ngapi?

Mama Tatu: Lori gani?

Mwenyekiti: Lililokuja kwenye mvua.

Mama Tatu: Mvua ya wapi, baba? Mimi usiku ule nililala uani kwa ajili ya joto, mimi na wanangu, njia nzima tumeiziba. Hilo lori lingepita juu ya vichwa vyetu?

Mwenyekiti: Pengine ulipitiwa na usingizi.

Mama Tatu: Kwa mkoromo wa Shabani? Nani angelala? Mzee huyu ana mkoromo wake, hata mwanangu mdogo anauiga.

Shabani (kutoka kwenye benchi): Nilikuwa nimefungwa kamba!

Mama Tatu: Basi ulikoroma ukiwa umefungwa.

(Kicheko. Mwenyekiti ameomba utulivu.)

Bi Hadija: Hukusikia lolote, mama?

Mama Tatu: Nilisikia. Karibu na adhana ya alfajiri nilisikia "ko!" moja, ya chuma. Halafu Shabani akapiga kelele, "Wezi! Wezi!" Kati ya ile "ko" na hao wezi, nilikuwa sijamaliza kukunja mkeka.

Mwalimu: Kwa hiyo magunia 41, tukichukua kilo 100 kwa gunia, ni zaidi ya tani nne, yaliondoka wewe ukikunja mkeka.

Mama Tatu: Mimi sijasoma hesabu. Nimekwambia nilichosikia.

Mwenyekiti: Karani, hiyo hesabu si ya shahidi, usiiandike.

(Ilikuwa imeshaandikwa.)

SHAHIDI WA TATU: Yusufu, fundi baiskeli

Mwenyekiti: Nyayo zako zimeonekana nyuma ya ghala. Usiku ule ulikuwa wapi?

Yusufu: Nililala kwa shangazi, ng'ambo ya mto.

Bi Hadija: Shangazi yako ni mimi.

(Kimya.)

Yusufu: Shikamoo shangazi.

Bi Hadija: Salamu ulishanipa pale mlangoni. Jibu swali.

Yusufu: Sikuiba. Naapa. Niliingia ndani, ndiyo, ila sikuiba.

Mwenyekiti: Ahaa! Aandikwe hivyo, amekiri kuingia. Mshitakiwa tumempata.

Mwalimu: Taratibu, Mwenyekiti. Yusufu, uliingilia wapi?

Yusufu: Nyuma kuna ubao umelegea. Ukiusukuma unaingia, ukitoka unaurudisha.

Mwalimu: Ulifuata nini?

Yusufu: Mazungumzo.

Mwalimu: Na nani?

Yusufu: Hilo hata mkinichapa sitalisema.

Mwalimu: Hayo mazungumzo mlikaa wapi? Juu ya magunia?

Yusufu: Chini, sakafuni. Upande wa nyuma pana nafasi, unaweza kutandika hata mikeka mitatu.

Mwenyekiti: Hayo ni mambo ya aibu, hayahusiki na wizi. Tuendelee.

Mwalimu: Yanahusika. Hiyo nafasi imeanza lini?

Yusufu: Toka mavuno. Mbele pamepangwa safu moja, imeenda juu, ukichungulia mlangoni unasema pamejaa. Nyuma ya hiyo safu hakuna kitu.

Shabani: Mwongo! Mpaka darini!

Yusufu: Mpaka darini ndiyo, mzee. Safu moja.

SHAHIDI WA NNE: Zainabu, mshonaji

(Shahidi ameitwa kwa ombi la Mama Tatu, ambaye hakueleza sababu.)

Zainabu: Mimi ghala hilo sijawahi kuingia. Na sijui kwa nini nimeitwa.

Bi Hadija: Hatujakutuhumu, mwanangu.

Zainabu: Yusufu anasema uongo. Mtu gani mwenye akili zake angekaa kule nyuma na wale panya?

Mwalimu: Panya uliwaona?

Zainabu: Nimesikia.

Mwalimu: Umesikia wanajificha wapi, kwenye magunia ya nyuma?

Zainabu: Magunia yapi? Kule ni ukuta mtupu, panya wanatoka kwenye ule ufa wa... Nimesikia.

Mwalimu: Ahsante, mama. Inatosha.

(Mwenyekiti amependekeza kikao kiahirishwe kwa kuwa mashahidi wanapingana. Mwalimu amesema wanapingana kuhusu mvua, lori na kukoroma, lakini kijana na huyu binti, ambao hawakubaliani hata kama waliwahi kuonana, wamelieleza ghala moja. Ameomba daftari. Karani amelitoa. Mwalimu ameomba karani aweke kalamu chini na kusimama kama shahidi. Kuanzia hapa anaandika Bi Hadija.)

SHAHIDI WA TANO: karani wa kijiji

Mwalimu: Sahihi hii ni yako?

Karani: Ni yangu.

Mwalimu: Inasema umepokea magunia 60. Kabla ya ukurasa huu kuna kishina cha karatasi iliyochanwa. Kiliandikwa nini hapo?

Karani: 19.

Mwenyekiti: Swali hilo halimo katika...

Karani: Nilihesabu 19, nikaandika 19. Mwenyekiti akaniambia mengine yako njiani, andika yote kwa pamoja usije ukachafua daftari mara mbili. Akauchana mwenyewe. Nikaandika upya.

Mwenyekiti: Hilo lifutwe.

(Nimeandika na sitafuta. Hadija.)

Mwalimu: Na miezi yote hii ulinyamaza?

Karani: Kila wiki nilikuwa naambiwa yako njiani. Kisha tukapata barua kwamba mkaguzi anakuja Jumatatu.

Mwalimu: Kufuli alivunja nani?

(Karani hakujibu. Amemtazama mzee Shabani.)

Shabani: Msinitazame hivyo. Mimi niliambiwa nipige mara moja, nihesabu mpaka mia tano, ndipo nipige kelele. Hesabu zilinipotea nilipofika thelathini.

Mama Tatu: Si nilisema!

SHAHIDI WA SITA: Mwenyekiti wa kijiji

(Mwenyekiti alikataa kuhama kiti. Ameulizwa akiwa hapo hapo alipo.)

Mwalimu: Magunia yaliyokuwa njiani, yalikuwa yanatoka wapi?

Mwenyekiti: Hilo nitamjibu mkaguzi.

Mwalimu: Vizuri. Basi mpaka Jumatatu ufunguo wa kufuli jipya atakaa nao Bi Hadija. Tunaomba ulionao.

(Mwenyekiti amechomoa ufunguo wa ghala kwenye kishada chake. Pamoja nao umetoka mwingine, ambao alitaka kuurudisha mfukoni. Mwalimu ameuomba na huo. Yusufu, kwa kuwa ni fundi, ameitwa kuutazama, akasema ni wa kufuli kubwa la stoo. Mwenyekiti ameulizwa stoo hiyo iko wapi. Wajumbe wote na mashahidi wameondoka naye kwenda kuitazama, na mimi nafunga daftari ili niwafuate. Hadija.)