Maelezo ya Mchoro wa Mgawanyo wa Viwanja, Kitalu C, Kibaha

Shamba hili la hekta 2.4 limegawanywa katika viwanja 34 vya makazi, vingi vikiwa na upana wa mita 16 na urefu wa mita 25, na vile vya kona vimeongezwa kidogo ili ukuta usimzibe dereva anayekata kona. Barabara kuu ya mtaa ina hifadhi ya mita 15; zinazoingia kwenye nyumba zina mita 10, na ile isiyotokeza inaishia kwenye duara la kugeuzia gari la taka. Njia ya miguu ya mita 3 inafuata kichochoro kilichokwisha kukanyagwa na wanafunzi, hadi eneo la wazi la mita za mraba 2,000, penye miembe mitatu, ambalo halitauzwa wala kujengwa hata kibanda.