YAH: KUONDOA OFA YANGU YA KUNUNUA GARI AINA YA TOYOTA NOAH

Shangani, Mtwara
14 Agosti 2024

Mzee Salumu,
Lindi.

Shikamoo.

Rejea mazungumzo yetu ya Jumamosi iliyopita, ambapo nilikubali kulinunua gari lako kwa shilingi 11,500,000 kwa sharti kwamba fundi wangu alikague kwanza. Nakushukuru kwa kuniruhusu kulileta hadi Mtwara bila masharti magumu.

Ukaguzi umefanyika jana. Fundi alipofungua kifuniko cha oili alikuta utando mweupe kama maziwa, na baada ya injini kupata moto, maji ya rejeta yalianza kutoa mapovu, dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Zaidi ya hapo, chini ya mazulia ya nyuma fremu imeliwa na kutu, ikachomelewa vipande vya bati na kupakwa rangi nyeusi juu yake. Injini ingeweza kutengenezwa kwa makubaliano ya bei. Fremu ndiyo iliyonikatisha tamaa, kwa kuwa nilikusudia kubebea familia.

Sidhani kwamba ulinificha, maana wewe mwenyewe ulilinunua likiwa limeshatumika. Hata hivyo, kwa heshima zote, naiondoa ofa yangu.

Gari nitalirudisha mwenyewe Ijumaa asubuhi, likiwa na mafuta kiasi kilekile nilicholikuta nacho. Naomba siku hiyo unirejeshee shilingi 300,000 nilizotanguliza kama kishika uchumba, kama tulivyoandikishana.

Wako mtiifu,
Fadhili Namwera